Mama amezikwa nikiwa Riyadh. Naomba ushauri, hasa kwa kina mama wa Tanga na pwani

Binti wa Mto Pangani

Asalaam alaikum wanajukwaa. Mimi ni mfanyakazi wa nyumbani hapa Riyadh, mkataba wa miaka 2, na bado sijaumaliza. Mama alikuwa na kisukari cha muda mrefu. Mwezi uliopita alianza kuvimba miguu, akalazwa Bombo. Ndugu zangu walikubaliana nisiambiwe. Nikipiga simu naambiwa "mama kalala" au "chaji imeisha". Alifariki alfajiri, akazikwa baada ya swala ya laasiri siku hiyohiyo. Mimi nilijua kwa kuona "Inna lillahi" kwenye kundi la familia, nikiwa napanga vyombo vya futari.

Nilimwomba bosi anifungulie khuruji, yaani viza ya kutoka Saudia, ya kwenda na kurudi. Alisema Ramadhani haiwezekani, nikitaka niondoke moja kwa moja na mkataba uishie hapo. Nina mtoto yuko darasa la saba kwa dada yangu Muheza, na ada pamoja na chakula chake vinatoka kwangu. Nikabaki.

Hela ya sanda na ya hitima nilituma. Kila mtu ananishukuru, na kila nikishukuriwa natamani ardhi inimeze. Kinachonitesa zaidi ni kwamba mimi ndiye binti mkubwa. Bibi alipokufa, mama ndiye aliyemuosha mama yake, na mimi nilikuwa namshikia kata ya maji. Siku ile aliniambia, "Na mimi utanifanyia hivihivi." Wamemuosha watu wengine. Sioni machozi, sioni usingizi, nafanya kazi tu. Aliyepitia haya alifanyaje?

Kijana wa Temeke

Pole sana dada. Ila jipe moyo, wanawake hata hivyo hawaendi makaburini. Hata ungekuwepo ungebaki nyumbani na kina mama. Na maiti haingekusubiri: kibali, ndege, halafu basi Dar hadi Tanga, laasiri usingeiwahi. Kwa hiyo hakuna ulichokosa.

Mke wa Fundi, Chumbageni

Temeke, kuhusu muda umesema kweli. Kuhusu "hakuna ulichokosa" hapana, mwanangu. Kasema waziwazi alichokosa ni kumuosha mama yake, na hiyo ni kazi ya wanawake, inafanyika ndani kabla jeneza halijatoka.

Binti, mimi naosha. Nimeanza nikiwa mdogo kuliko wewe, kwa kumfuata shangazi yangu. Nitakueleza mama yako alifanyiwa nini, maana naona kichwani mwako pale pana giza, na giza hilo unalijaza mwenyewe kwa mambo mabaya.

Kwetu Tanga chumba kinafungwa, wanaingia wachache, wa karibu. Kitanda kinawekwa juu ya ufuo ili maji yasitapakae. Mwili haubaki wazi hata kidogo, kuna shuka juu yake muda wote, na mwoshaji anavaa kitambaa mkononi anapopita chini ya shuka. Anasafishwa kwanza uchafu, anatawadhishwa kama anayekwenda kuswali, kisha kichwa kinaoshwa kwa maji yaliyopondewa majani ya mkunazi. Upande wa kulia, halafu wa kushoto. Mara 3, ikibidi 5, na maji ya mwisho yana kafuri. Nywele za mwanamke zinafumuliwa, zinaoshwa, zinasukwa mikia 3 na kulazwa nyuma. Sanda ya mwanamke ni nguo 5: ya kiunoni, kanzu, mtandio, na shuka 2 za kumzungushia. Udi umewaka muda wote. Kabla uso haujafunikwa, wanawe na ndugu wanaitwa kumuaga.

Sasa nakuuliza: unajua nani alimuosha? Mtafute. Usimuulize "ilikuwaje" kwa ujumla, atakujibu "alhamdulillahi, vizuri" na simu itakatika. Muulize nani alishika maji, nani alimsuka, uso wake ulikuwaje alipofungwa. Mwoshaji anakatazwa kutoa aibu ya maiti, lakini akiona jema anaruhusiwa kulisema, na kwa mtoto wake atalisema. Mtu akiniuliza hivyo mimi huwa nakaa chini na kumsimulia mpaka mwisho. Wengi wanaanza kulia tukifika kwenye nywele.

Mchaga wa Baridini

Poleni. Mimi ni Mkristo, nipo Minnesota, ila naelewa. Baba alifariki Kibosho wakati ombi langu la makazi, fomu I-485, liko mezani. Ukitoka Marekani bila kibali cha kutoka na kurudi, kwa wengi wetu ombi linahesabika umelitupa. Kibali hicho unakiomba kwa fomu I-131, na kwa kawaida kinachukua miezi. Kwa msiba kuna njia ya dharura: unapiga simu idara ya uhamiaji, wakikubali wanakupa miadi ya ofisi iliyo karibu, unakwenda na fomu, picha, ada, risiti ya I-485 na uthibitisho wa kifo. Mimi niliambiwa uthibitisho hautoshi, nilete cheti cha kifo chenyewe, na kule nyumbani cheti kilikuwa bado.

Kwetu mwili unasubiri mochwari, kwa hiyo ndugu walinipigia kila jioni kutoka kwenye kikao: "Tukusubiri au tuzike?" Mochwari inadai kila siku, wageni wamejaa nyumbani. Mwishowe niliwaambia zikeni. Nyinyi Waislamu mnaona kuzika haraka ndiko kunakoumiza. Mimi nilipewa muda, na neno la kuzika likatoka mdomoni mwangu. Sijui kipi kizito zaidi. Kilichonisaidia ni kufika kihambani baadaye na wajomba wakakubali kukaa kikao upya kwa ajili yangu, wakanisomea hata historia ya marehemu iliyosomwa kanisani.

Msomaji wa Chuoni

Wa alaikum salaam dada. Kwa madhehebu yetu ya Shafii unaweza kumswalia mama yako swala ya ghaibu. Asili yake ni Mtume (s.a.w.) kumswalia Najashi, mfalme wa Uhabeshi, wakati yeye yuko Madina. Haina rukuu wala sijda, ni takbira 4 ukiwa umesimama. Baada ya ya kwanza unasoma Fatiha, ya pili unamswalia Mtume, ya tatu unamuombea mama, ya nne dua fupi kisha salamu. Unaweza kuiswali peke yako chumbani kwako. Na muda haujapita, maadamu siku aliyofariki ulikuwa Muislamu mtu mzima ambaye swala inamlazimu. Watakaokuambia mwisho ni arobaini waulize dalili.

Jambo la pili ni deni. Pale kaburini hutangazwa anayemdai marehemu ajitokeze, lakini deni la saumu halina wa kujitokeza. Kama mama hakufunga Ramadhani kwa sababu ya kisukari kisichotarajiwa kupona, kila siku ina kibaba kimoja cha chakula kwa maskini. Uliza nyumbani kama alikuwa anatoa kila mwaka. Kama alitoa, hadaiwi. Kama kuna miaka iliyobaki, hilo litoeni, na linatangulia kabla ya kugawana mirathi.

Abuu wa Kariakoo

Ustadhi, hiyo ghaibu ina maneno. Mahanafi na Wamaliki hawaikubali, na wapo wanazuoni wanaosema ni kwa aliyefia mahali ambapo hakuna wa kumswalia, kama Najashi. Mama yake kaswaliwa Tanga na msikiti mzima. Amuombee dua na kumtolea sadaka, inatosha.

Msomaji wa Chuoni

Kauli hiyo naijua na waliosema ni wakubwa. Lakini dada ni wa Tanga na kalelewa kwa Shafii. Akiswali ana pa kusimamia.

Abuu wa Kariakoo

Mimi nimesema yangu.

Binti wa Mto Pangani

Nimesoma yote. Kumbe aliyemuosha ni mama mdogo wa Pongwe pamoja na jirani yetu. Jana, bosi alipokwenda tarawehe, nilimpigia. Nilimuuliza kama Bi Mke wa Fundi alivyonielekeza. Alinyamaza kwanza, halafu akasema mama alikuwa mwepesi, na kwamba yeye alimsuka mikia akamwambia, "Hii ya katikati ni ya mwanao wa Uarabuni." Nimelia mpaka mtoto wa bosi akaja kuniletea maji.

Swala nimeswali. Saumu nimeuliza, dada anasema miaka 2 ya mwisho haina uhakika, basi tutatoa.

Lakini bado nina hasira na ndugu zangu. Muda haungenifikisha mazishini, hilo nakubali. Ila zile wiki za Bombo alikuwa na fahamu zake, angeweza kuongea nami kwenye simu. Nikiwauliza wanasema, "Tulikuonea huruma, ungefanya nini huko?" Sasa wanataka kugawa nguo zake wiki ijayo, na mimi sijaulizwa.

Mke wa Fundi, Chumbageni

Nguo ni mirathi, mwanangu, hata kanga iliyochakaa. Wewe ni mrithi na kutoa sadaka vitu vyake kunahitaji ridhaa yako. Tuma ujumbe wa sauti leo kwenye kundi, kwa adabu, useme msigawe mpaka nitajiwe kilichopo, na mimi niwekeeni kanga moja aliyokuwa akiivaa, isifuliwe. Taja ipi, kama unaikumbuka. Mkabidhi mama mdogo akutunzie, usiiache kwenye kabati la watu wengi.

Hilo la kukuficha siwezi kulitetea. Naliona kila msiba siku hizi, mtoto yuko nje, wanamficha ugonjwa wakidhani wanampunguzia mzigo. Waambie ukifika nyumbani, uso kwa uso. Kwenye simu mtagombana na hamtamaliza.

Mchaga wa Baridini

Mimi nisingesubiri hadi nifike. Nilisubiri na yale maneno yakaoza ndani. Mpigie mmoja wao, yule mnayeelewana, umwambie yeye peke yake.

Binti wa Mto Pangani

Nitampigia kaka mdogo. Kanga naikumbuka, ile ya kisutu nyekundu. Ujumbe nimeshatuma, wameuona, hawajajibu.

Mwana wa Kigamboni

Samahani kuingilia. Na mimi niko Saudia, Dammam, mama yangu mgonjwa sasa hivi, na pasi yangu anayo bosi. Nataka kwenda kabla halijatokea kama la dada. Naanzia wapi?

Kijana wa Temeke

Dada yangu wa kuzaliwa alikaa Jeddah. Bosi haruhusiwi kisheria kushikilia pasi yako, lakini khuruji ya kwenda na kurudi kwa wafanyakazi wa nyumbani bado inafunguliwa na yeye, kwa hiyo usianze kwa ugomvi wa pasi. Pata barua ya hospitali yenye mhuri na jina la mama kama lilivyo kwenye cheti chako cha kuzaliwa, itafsiriwe Kiarabu, umpe yeye pamoja na wakala aliyekupeleka. Ombeni tarehe ya kurudi iandikwe, mabosi wengi wanaogopa hutarudi. Akikataa, ubalozi wetu uko Riyadh, wapigie ukiwa na nakala ya mkataba na ikama, yaani kibali chako cha kuishi, mkononi. Una nakala ya mkataba?

Mwana wa Kigamboni

Mkataba upo kwa wakala Dar. Ikama ninayo.

Kijana wa Temeke

Basi mtume mtu kwa wakala kesho asubuhi, aupige picha kurasa zote, na akutumie kabla hujamwambia bosi chochote.