Mrejesho: milinganyo mitatu ya kwenye picha, 13 au 18?

Niliuliza: "Nimepigiwa picha ya swali, namba ya mwisho haisomeki vizuri, ni 13 au 18. Nikitumia njia ya Gauss mstari wa tatu unapotea. Jawabu liko wapi?"

```
x + y + z = 4
2x + 3y - z = 5
4x + 5y + z = 13 (au 18?)
```

Wakuu, asanteni, nimefika. Nilitoa mara mbili ya mstari wa kwanza kwenye wa pili, nikapata y − 3z = −3. Nikatoa mara nne ya wa kwanza kwenye wa tatu: upande wa kushoto ni y − 3z uleule. Kulia, 13 inaacha −3, ila 18 inaacha 2. Ukitoa mstari wa pili kwenye wa tatu, ile 13 inatoa 0 = 0, na 18 inatoa 0 = 5.

Kwa 0 = 5 hakuna jawabu kabisa. Kwa 0 = 0 majawabu hayana idadi: z iwe t yoyote, y = 3t − 3, x = 7 − 4t. Nimeyarudisha kwenye milinganyo yote mitatu, yanakubali.

Aliyeshauri nichague 13 kwa sababu "inatoka" namheshimu, lakini swali linaweza kutungwa makusudi lisiwe na jawabu. Hesabu haiwezi kusoma picha. Nimeomba ipigwe upya kwa karibu, na namba ni 18.