Ishara za muziki, milio na kimya kwenye skripti ya redio: njia ipi kati ya hizi tatu?

Binti Langoni (Lamu)
Asalaam aleikum wote. Kundi letu linarekodi mchezo wa redio, vipande vya dakika 15, na tumegawanyika kuhusu namna ya kuonyesha muziki na milio. Wengine wataka kila ishara iwe mstari wake ndani ya maneno ya wahusika. Muongozaji anapenda safu mbili, maneno kulia na sauti kushoto. Fundi wetu anasema tumpe orodha peke yake, skripti tuwaachie waigizaji. Nawawekea kipande kinachotusumbua kama kilivyo sasa. Bibi anakaanga kaimati, mjukuu anarudi kutoka gatini:

BIBI: Wataka ngapi? Babako akirudi hazibaki.
MTOTO: Bibi, mashua zishaingia zote. Ya baba haimo.
(Muziki wa huzuni. Kimya.)
BIBI: Hesabu tena.

Kila tunapokirekodi kinatoka tofauti.

Kombo wa Shela
Dada, tumieni rangi. Muziki samawati, mlio kijani, kimya nyekundu. Fundi akitupa jicho tu anajua kinachokuja. Sisi shuleni tulifanya hivyo na mambo yakaenda sawa.

Mama Harusi (Malindi)
Mimi napiga video za harusi na siku zote natumia safu mbili. Kushoto naandika bibi harusi anatoka, kulia taarab inaingia. Sioni ugumu uko wapi. Ila angalieni nyimbo za watu, mtandaoni video yenu itazimwa sauti.

Fundi Mitambo Mstaafu
Mama Harusi, kwa video uko sawa kabisa, kwa sababu kuna picha na sauti zinazokwenda sambamba. Hawa hawana picha. Kwenye redio maneno na milio ni uzi mmoja, na ukivitenganisha kwa safu maneno yanabanwa, kurasa zinaongezeka, na fundi anakisia mlio uko sambamba na neno lipi. Kombo, la kutofautisha muziki na mlio kwa jicho umelipata. Lakini rangi haipiti kwenye fotokopi nyeusi, na anayesoma kwenye simu huenda akapata faili isiyo na rangi. Herufi na namba haifutiki: M kwa muziki, S kwa sauti, K kwa kimya.

Binti, mimi ningechagua ishara ndani ya maneno, kila moja mstari wake, na mistari yote ya ukurasa ipewe namba. Orodha ya fundi itolewe humo baadaye, isiandikwe mbali. Orodha peke yake huharibika siku ya mazoezi: muongozaji anafuta sentensi mbili, waigizaji wanafuta kwenye karatasi zao, orodha inabaki ikingoja neno ambalo halisemwi tena. Na mkiongeza ishara katikati msibadilishe namba zote. Baada ya S7 andikeni S7A, la sivyo nusu ya watu watakuwa na namba za zamani.

Sasa kipande chenu. "Muziki wa huzuni. Kimya." hakimwambii mtu aanze lini, sauti iwe kubwa kiasi gani, wala aishe wapi. Ishara iliyokamilika inajibu hayo matatu, na inaning'inizwa kwenye neno au mlio unaosikika. Ningeiandika hivi:

11 S7: Mawimbi ya gatini, mbali, kupitia dirishani. Yaendelee chini ya yote hadi mwisho wa onyesho.
12 S8: Mafuta yanachemka, karibu. Yaendelee.
13 M3: Udi, mwepesi, chini ya maneno.
14 BIBI: Wataka ngapi? Babako akirudi hazibaki.
15 MTOTO: Bibi, mashua zishaingia zote. Ya baba haimo.
16 M3: Ukatike baada ya "haimo". Usififie.
17 K1: Sekunde 3. Hakuna neno, hakuna muziki. S7 na S8 zibaki. Kinaisha kwa S9.
18 S9: Mwiko unawekwa kwenye sinia.
19 BIBI: Hesabu tena.

Oneni kwamba muziki wa huzuni umeondoka wote. Ulikuwa unaingia kabla msikilizaji hajapata nafasi ya kuielewa habari. Hali inageuka kwa sababu udi mchangamfu umekatika, na kinachobaki ni mafuta yanayochemka bila mtu kuyashughulikia.

Mpiga Udi
Kwa mwanamuziki hiyo M3 haijatosha. Niambie niko chini ya mistari mingapi, kama sekunde ngapi, nijue nitapiga nini. Nikikatwa katikati ya pumzi ya wimbo itasikika kama kosa la mitambo. Napendelea kujua neno la mkato mapema, nipange mkono wangu uwe juu ya sauti isiyotua pale pale kwenye "haimo". Hapo msikilizaji atahisi kitu kimeachwa kinaning'inia. Tena mwandishi asinichagulie ala. Aniambie hali inatoka wapi kwenda wapi.

Fundi Mitambo Mstaafu
Kuhusu muda, nakubali, uandikwe. Kuhusu ala, sikubali. Mwandishi akiwaza udi na fundi akaweka kinanda, onyesho limehama Lamu.

Binti Langoni (Lamu)
Shukran sana, mzee wangu. Maswali mawili. Kwanza, mhariri wetu alisema kimya kitupu ndicho chenye nguvu, tuzime hata mawimbi. Pili, muongozaji bado anataka pigo la muziki baada ya "haimo", ule mshindo mmoja wa ghafla.

Fundi Mitambo Mstaafu
Kimya kitupu kwenye redio kinasikika kama kituo kimepotea, na mtu wa dukani anapeleka mkono kwenye kitufe. Hewa ya chumba au mawimbi ya mbali yanamwambia kwamba bado tupo. Vituo vingi pia vina kifaa kinachosikiliza kimya na kuwasha kipindi cha akiba baada ya muda waliouweka, kwa hiyo mkitaka kimya kirefu waulizeni kwanza. Na kama mhariri wenu anatumia Audacity, asipitishe `Truncate Silence` kwenye faili nzima. Inafupisha kila sehemu iliyo chini ya kiwango fulani cha sauti, na mawimbi na mafuta yakiwa ya chini mno K1 italiwa pamoja na mapumziko ya kawaida ya kati ya maneno. Mtaligundua hilo mkiona kipande kimepungua sekunde kadhaa na mwiko wa S9 umegonga "haimo". Ndiyo sababu kimya kinapewa namba: kikipotea, mtu akipitia orodha anaona K1 haipo.

Pigo ningeliweka mwisho wa kipande, mtoto anaporudi kutoka kuhesabu tena. Likitumika hapa, la mwisho halitashtua mtu.

Mama Harusi (Malindi)
Hapo mimi niko na muongozaji. Watu wanasikiliza redio sokoni, kwenye boti, jikoni. Sekunde 3 za mawimbi chini ya injini ya boti hazisikiki kabisa, lakini mshindo unasikika. Msiwaandikie wenye vipaza masikioni peke yao.

Mpiga Udi
Ana hoja. Lakini S9 ile ya mwiko inaweza kufanya kazi ya pigo ikirekodiwa karibu. Mwiko ukiwa wa chuma, chuma juu ya chuma hupenya kelele.

Binti Langoni (Lamu)
Tumeandika upya kwa M, S na K na fundi wetu ameridhika, orodha yake imetoka humo humo. Pigo halijaamuliwa. Ijumaa tutarekodi mara mbili, moja na pigo mstari wa 16A na moja na mwiko wa karibu, tuzipige kwa simu ndogo pale gatini boti zikiwa zinapakia. Mzee, sinia ya bati au ya shaba?

Fundi Mitambo Mstaafu
Bati. Shaba inavuma muda mrefu, itaingia ndani ya neno la Bibi.