Programu inajua fomula ninayoitaka, halafu inaniuliza kama kweli nilitaka kuandika fomula!

MkatoMkali (mleta uzi)

Wakuu, simtaji jina. Mnamjua. Ni yule wa majedwali ya safu na mistari, yumo kwenye kila kompyuta, na leo amevuka mpaka.

Unachukua fomula nzima nzima, inafanya kazi vizuri kwenye toleo la Kiingereza:

```
=IFERROR(VLOOKUP(A2,$F$2:$G$50,2,FALSE),0.5)
```

Unaibandika kwenye kompyuta iliyowekwa Kifaransa, unagonga Enter. Kinachomoza kisanduku: fomula ina tatizo. Sawa, tatizo gani? Hakisemi. Badala yake kinakuuliza kama pengine hukukusudia kuandika fomula, na kama ni hivyo, eti utangulize apostrofi. APOSTROFI! Alama ya sawasawa iko mbele kama kibao cha barabarani, mabano yote manne yamefungwa, dola zimejipanga, halafu mtu anakuuliza kama ulikuwa unaandika barua ya posa.

Alichokuwa anataka mheshimiwa ni hiki:

```
=SIERREUR(RECHERCHEV(A2;$F$2:$G$50;2;FAUX);0,5)
```

Yaani kila kitu ni kilekile isipokuwa kila kitu. Na linalochoma ini ni kwamba ukifungua faili lenye fomula hiyohiyo, anaitafsiri mwenyewe kimyakimya, majina, nukta mkato, hadi ile nukta ya 0.5. Kwa hiyo anaweza! Anajua! Ila ukimbandikia anajifanya hajawahi kusikia VLOOKUP tangu azaliwe. "Hukukusudia kuandika fomula?" Nilikusudia nini basi, ushairi?

Bwana_Sifuri

Uzi mzima kwa sababu ya mkato. Pole sana mkuu, weka apostrofi upumzike.

Jedwali255

Hii ni rahisi, watu wanapenda kulalamika tu. Nenda Control Panel, Region, Additional settings, pale kwenye List separator futa nukta mkato uweke mkato. Kwisha. Uzi ufungwe.

FundiSeli

Jedwali255, umeshika nusu ya ng'ombe. Hapo kuna mipangilio miwili isiyojuana. Kitenganishi, yaani mkato au nukta mkato, kinatoka kwenye mipangilio ya eneo ya Windows. Majina ya fomula yanatoka kwenye lugha ya programu yenyewe. Ndiyo maana unaweza kukuta kompyuta ina majina ya Kiingereza lakini inadai nukta mkato, na watu wanadhani imeharibika. Ukifuata ushauri wako kwenye kompyuta ya mleta uzi, VLOOKUP bado haitajulikana.

Halafu angalia sababu ya nukta mkato kuwepo. Kwenye maeneo hayo mkato ndio unaotenganisha sehemu ya desimali: nusu ni 0,5. Mkato huohuo hauwezi tena kutenganisha hoja za fomula. Ukilazimisha mkato ufanye kazi zote mbili, programu inarudi kwenye nukta mkato, hutapata ulichotaka.

Mleta uzi, kisanduku kile ni cha matusi kweli, lakini kina habari ndani yake. Kikitokea, maana yake programu imeshindwa kuisoma sentensi yenyewe: vitenganishi au nukta ya desimali. Haijafika hata kwenye majina. Sasa fanya jaribio: acha majina ya Kiingereza, badilisha mikato iwe nukta mkato na 0.5 iwe 0,5. Kisanduku hakitokei tena, fomula inaingia, lakini seli inaonyesha `#NOM?`. Hapo ndipo amesoma sentensi na amekwama kwenye maneno. Kwa hiyo kisanduku, tazama alama. `#NOM?`, tazama majina. Na usisahau FALSE, nayo ni neno. Andika 0 badala yake, inafanya kazi ileile kwa lugha zote.

MkatoMkali

Asante FundiSeli, lakini bado hujanijibu: kwa nini faili anatafsiri na maandishi hatafsiri?

FundiSeli

Kwa sababu kwenye faili hakuna Kifaransa. Nakili faili la .xlsx, libadilishe jina liwe .zip, lifungue, nenda `xl/worksheets/sheet1.xml`. Utakuta hivi, hata kama liliandikwa kwenye toleo la Kifaransa:

```
<f>IFERROR(VLOOKUP(A2,$F$2:$G$50,2,FALSE),0.5)</f>
```

Ndani daima ni majina ya Kiingereza, mikato, na nukta ya desimali. Kifaransa ni vazi linalovaliwa wakati wa kuonyesha tu. Ukiandika au kubandika maandishi kwenye seli, yanapita mlango wa mbele, na mlangoni wanazungumza lugha ya hapo tu. Kwa hiyo acheni kutumiana fomula kama maandishi. Mtumie mwenzako kitabu chenye hiyo seli moja. Akikifungua, ananakili seli na kuibandika kwake ikiwa imeshavaa.

Kama una maandishi tu, kuna mlango wa nyuma. Simama kwenye seli unayotaka, Alt+F11, kisha Ctrl+G, bandika mstari huu na ugonge Enter:

```
ActiveCell.Formula = "=IFERROR(VLOOKUP(A2,$F$2:$G$50,2,FALSE),0.5)"
```

`Formula` inapokea Kiingereza na mikato popote ulipo. Ya lugha ya hapo ni `FormulaLocal`. Kama fomula yako ina alama za kunukuu ndani, ziandike mara mbili mbili.

MkatoMkali

KWA HIYO KIINGEREZA ANAKIJUA MPAKA MOYONI. Ameandika kwa Kiingereza ndani ya faili, kwa mkono wake, halafu ananiuliza mimi kama nilikusudia kuandika fomula!

Bwana_Sifuri

Mkuu kunywa maji.

Mama_Hesabu

Nyie mnalia na kisanduku. Kisanduku ni rafiki, kinapiga kelele. Ogopa anayenyamaza. Kwenye kompyuta ya desimali ya mkato bandika `=MAX(3,4)`. Jina MAX ni lilelile kwa Kifaransa, kwa hiyo halilalamiki. Jibu litakuja 3,4 badala ya 4, kwa sababu ameona namba moja, tatu nukta nne. Hakuna kisanduku, hakuna `#NOM?`, hakuna apostrofi.

FundiSeli

Umenena, Mama_Hesabu. Na kuna kimya kibaya kuliko hicho, kinaingia hata kwa faili linalojitafsiri. Anatafsiri kila kitu kilicho nje ya alama za kunukuu. Kilicho ndani kwake ni maandishi tu, hakigusi. Sasa mtu ametengeneza safu ya miezi kwa fomula hii:

```
=TEXT(A2,"yyyy-mm")
```

Kwa Kiingereza, tarehe ya Machi 2024 inatoa 2024-03. Faili likifunguliwa kwenye eneo la Ufaransa, TEXT inakuwa TEXTE na mkato unakuwa nukta mkato, safi kabisa. Lakini herufi za mwaka huko ni aaaa, na "yyyy" imebaki ilivyo. Seli inaonyesha yyyy-03. Pembeni kuna SUMIFS inayotafuta "2024-03", haipati mstari hata mmoja, inarudisha 0. Jumla ya kila mwezi sifuri, na hakuna kosa lolote kwenye skrini.

Ukiona majumlisho yote yamekuwa sifuri baada ya faili kusafiri, tazama kwanza TEXT. Na herufi hizi zinafuata eneo la Windows, si lugha ya programu, kwa hiyo hata toleo la Kiingereza linaumia likiwa kwenye kompyuta ya eneo la Ufaransa. Dawa ni kuepuka herufi:

```
=YEAR(A2)&"-"&TEXT(MONTH(A2),"00")
```

Sifuri mbili zinaeleweka kila mahali.

Jedwali255

Sasa si mngeweka tu kila kompyuta Kiingereza?

Mama_Hesabu

Lugha ya programu unabadilisha File, Options, Language, unafunga na kufungua upya. Fomula zote zitaonekana kwa Kiingereza. Lakini "yyyy" haitapona, FundiSeli ameshasema. Ukibadilisha na eneo, tarehe na desimali za programu nyingine zote zinabadilika pamoja nawe. Na aliyezoea RECHERCHEV miaka yote umwambie nini? Mimi siafiki.

Jedwali255

Mimi naafiki. Lugha moja, yaishe.

KivinjariTu

Ndiyo maana wenye akili tulihamia ile ya kwenye kivinjari. Majina ya Kiingereza inayakubali hata ukiwa umechagua lugha nyingine. Nukta mkato nayo inaikubali kwenye eneo lolote, ukiweka kwenye faili la Marekani inaigeuza yenyewe kuwa mkato.

FundiSeli

Ni kweli, ila kumbuka kule Locale ni mali ya faili, si ya mtu. Iko File, Settings. Mmoja akiibadilisha, wote mnaoshirikiana faili hilo mmebadilishiwa. Na ukibandika fomula yenye mikato kwenye faili la Locale ya Ufaransa, utapata kosa kama kawaida. Nukta mkato ndiyo salama pande zote, mkato hapana.

NguzoMoja

Samahani wakuu, swali langu linahusiana. Nikifungua CSV data yote inajazana kwenye safu A. Ni hizi nukta mkato zenu?

Bwana_Sifuri

Huyu naye.

Mama_Hesabu

Inahusiana kwa mbali, ni List separator ileile. Faili lina mikato, kompyuta inasubiri nukta mkato, kwa hiyo haikati popote. Fungua faili kwa Notepad, mstari wa kwanza kabisa andika:

```
sep=,
```

Hifadhi, kisha bofya mara mbili. Ila programu nyingine zitausoma mstari huo kama data.

Jedwali255

Usimfundishe uchafu. Data, From Text/CSV, chagua kitenganishi hapohapo. Faili linabaki safi.

NguzoMoja

Nimefanya ya Jedwali255, imekubali. Lakini bei zilizoandikwa 12.50 zimeingia kama maandishi, hazijumlishiki.

Jedwali255

Bofya Transform Data, bofya kichwa cha safu kwa kitufe cha kulia, Change Type, Using Locale, chagua Decimal Number na English (United States).

KivinjariTu

Bei si tatizo. Tatizo ni 03/04. Hiyo ni Machi au Aprili?

Mama_Hesabu

Aprili.

Jedwali255

Machi.

MkatoMkali

Jamani uzi ulikuwa wa kisanduku.

NguzoMoja

Na namba za simu zimepoteza sifuri ya mwanzo zote. Hiyo nayo ni Locale?