MREJESHO: Sensa ya friji, multimita na maji ya barafu

Niliuliza: "Friji inagandisha mboga na kompresa haipumziki. Nitajuaje kama sensa ni mbovu?"

Sensa ndiyo ilikuwa mbovu. Nilichomoa friji kwenye umeme, nikachomoa soketi ya sensa kwenye bodi (ikibaki humo, bodi inapotosha kipimo), multimita nikaiweka kwenye omu 200k. Sensa hii ya joto ni ya kiloomu 10 kwa nyuzi 25, na jedwali lake linataka takribani 32 kwa nyuzi 0. Kwenye nyuzi 25 ilisoma 8.6, kosa dogo linalodanganya. Ndani ya barafu iliyopondwa yenye maji kidogo, baada ya dakika 5, ilisoma 21 tu. Unyevu ulioingia ndani ya sensa unavujisha umeme, ukinzani unashuka. Bodi ikaona nyuzi 9 penye 0, ikaendelea kupoza. Nimefunga mpya ya jedwali lilelile; kompresa sasa inapumzika.