Naomba ushauri: mgeni hukaa wapi kwenye zikri ya Kadiria?

Mwana wa Dunda: Assalaam alaykum ndugu zangu. Alhamisi ijayo, baada ya sala ya Isha, ninatakiwa kuwepo kwenye zikri ya twarika ya Kadiria katika nyumba moja nje kidogo ya mji wa Bagamoyo. Sijakaa karibu na halka tangu utotoni. Sijui mgeni hukaa wapi, kama analazimika kusimama wenzake wanaposimama, wala kama anaweza kuwepo bila kutamka chochote. Naomba anayejua anieleze taratibu tu, tusiingie kwenye mabishano.

Fundi wa Ng'ambo: Waalaykum salaam. Usihofu, ndugu yangu. Utakuta vijana wamepiga magoti kwa safu, wamevaa kanzu nyeupe, wanainama na kuyumba pamoja huku dufu likipigwa. Wewe kaa pembeni uangalie, kwani hiyo ndiyo zikri yenyewe.

Muridi wa Unguja: Fundi, unayoieleza ni maulidi ya homu, ambayo asili yake ni twarika ya Rifai. Zikri ya Kadiria ni jambo jingine, na Washadhili nao wana zikri yao isiyo na dufu. Nitaeleza inavyokwenda kwenye zawiya yetu, kwa sababu kila zawiya ina mazoea yake.

Watu hukaa duara juu ya mikeka, chetezo cha ubani kikiwa karibu na khalifa. Hufunguliwa kwa Fatiha, ikaelekezwa kwa Mtume, kwa Sheikh Abdulkadir Jilani aliyezikwa Baghdad, na kwa masheikh wa silsila, akiwemo Sheikh Uways wa Barawa, ambaye alikuja Unguja zama za Sayyid Barghash na kuieneza njia hii pwani yetu. Baada ya istighfari na salawati, kalima ya "La ilaha illa Llah" husomwa kwa kukaa, polepole, sauti zikiwa moja. Mwendo ukishakolea, khalifa hunyanyuka na halka nzima husimama naye. Hapo hutajwa jina la Allah, kisha "Hayyu", na mwisho husikika pumzi tu inayotoka kifuani. Wengine huiita zikri ya kukohoa kwa sababu hiyo. Wakati wote huo msomaji mmoja huimba kasida juu ya mwendo, na khalifa huuharakisha au kuupunguza kwa ishara ya mkono. Akiupunguza kabisa, watu hukaa, huwa kimya kidogo, dua ikasomwa, kisha kahawa na tende.

Mgeni huja na udhu, hukaa nyuma ya duara, na halazimiki kusimama. Akipenda kuingia hana haja ya kuwa amechukua twarika, ila asubiri halka ikiwa bado imekaa. Akishaingia, afuate mwendo wa aliye kulia kwake na asianzishe wake. Kilicho kibaya ni kukaa ndani ya duara ukiwa umefunga mdomo, au kutoka katikati watu wakiwa wamesimama, maana pengo lako huonekana na mwendo huvunjika.

Mama Salha: Mimi nina pumu. Siku moja tulikuwa nyuma ya pazia, upande wa wanawake, nikaifuata ile pumzi ya wanaume bila kufikiri. Vidole vikaanza kufa ganzi na macho yakaona giza. Bibi mmoja akaniketisha, akaniambia nipumue taratibu, na baada ya muda mfupi nikawa sawa. Wapo waliodhani nimepandwa na hali, lakini nilikuwa nimezidisha kupumua tu. Kaka, ukihisi hivyo, keti.

Mtafuta Dalili: Mwenye uzi hataki mabishano, lakini anastahili kujua kwa nini wengine tunajizuia. Allah ametuamuru tumtaje nafsini kwa unyenyekevu, pasipo kupaza sauti, Sura ya 7, aya ya 205. Tena Ibn Masud aliwakuta watu msikitini Kufa wamekaa duara, mmoja wao akiwaongoza kusoma takbira mia kwa kuhesabu vijiwe, akawakemea vikali kwamba wanafungua mlango wa upotevu. Maneno waliyokuwa wakisoma yalikuwa mema, ila namna waliyoisomea ndiyo aliyoikataa. Linalonisumbua zaidi ni jina la Mola kukatwa mpaka likabaki pumzi. Je, hilo bado ni jina?

Muridi wa Unguja: Sura ya 3, aya ya 191, inawasifu wanaomtaja Allah wakiwa wamesimama, wamekaa na wamelala ubavu. Na katika kisa hicho cha Kufa, msimulizi anamalizia kwa kusema kwamba wengi wa watu wale aliwaona baadaye wakipigana upande wa Makhawariji, wale waliomwasi Sayyidna Ali, siku ya vita vya Nahrawani, kwa hiyo sisi tunaona aliyekemewa ni kundi lenye tabia yake. Kuhusu pumzi, ninakiri kwamba hata ndani ya twarika wapo masheikh wasioipenda, wakitaka kila herufi isikike. Lakini naomba kumuuliza mwenye uzi: nani amekualika, na kwa nini huwezi kusema hapana?

Mwana wa Dunda: Ni familia ya karibu.

Mama Salha: Karibu kiasi gani, kaka?

Mwana wa Dunda: Nyumba ni yetu. Ni arobaini ya marehemu baba yangu, aliyekuwa muridi maisha yake yote, na aliusia zikri isomwe uani kwake. Mimi ndiye mwanawe mkubwa, na nimeshamwambia khalifa aje. Nilichokificha ni kwamba ninasomesha madrasa ambayo walimu wake wanaikataza zikri hii, na mimi mwenyewe nimewahi kuwafundisha watoto hivyo. Nimefikiri nikae ndani ya halka, midomo ikicheza bila sauti, ili wazee wasivunjike moyo nami nisiwe nimesoma. Sioni kosa katika hilo.

Mtafuta Dalili: Wasia wa jambo lisilofaa hautekelezwi. Soma dua, toa sadaka, inatosha.

Fundi wa Ng'ambo: Mzazi ni mzazi. Wangu nilimzika bila kutimiza alichoniomba, nacho kilikuwa ni kumpeleka akaone kaburi la mama yake Kilwa, na mpaka leo nikipita njia ile ninanyamaza.

Mlinzi wa Kweli: Ninaona uzi huu umetungwa. Kwanza alikuwa mgeni, sasa ni mwenyeji, na tena ni mwalimu wa upande wa pili. Nyuzi za namna hii hutupwa hapa ili Waislamu wagombane.

Mwana wa Dunda: Una haki ya kushuku, kwa sababu nilianza kwa kuficha. Nitakueleza ninachokikumbuka. Kabla ya kusimama, baba alikuwa akivua saa yake na kunipa niishike, nami nilikaa nyuma ya miguu yake, nikaona visigino vyake vikipanda na kushuka juu ya mkeka. Pumzi zao zilipokuwa moja zilisikika kama msumeno unaopasua gogo. Akikaa, kanzu ilikuwa imemganda mgongoni, na alinyoosha mkono bila kugeuka ili nimrudishie saa. Saa hiyo ninayo sasa, na Alhamisi sijui nimpe nani.

Mlinzi wa Kweli: Nimekusoma. Niwie radhi, na Allah amrehemu mzee.

Muridi wa Unguja: Amin. Mwenye uzi, hilo la kuchezesha midomo liache, kwa maana utakuwa umewadanganya wazee na walimu wako kwa pamoja. Mwenyeji ana kazi nyingi zisizomweka ndani ya duara: apokee watu mlangoni, atie ubani, asimamie kahawa. Hakuna mzee atakayeuliza kwa nini hukusimama. Ila mwone khalifa kabla ya Alhamisi umweleze msimamo wako, asije akakunyanyua kwa heshima mbele za watu bila kujua.

Mtafuta Dalili: Mimi bado ningeizuia isisomwe. Lakini kama itasomwa, hilo la mlangoni ni bora kuliko la midomo.

Mwana wa Dunda: Kesho baada ya Alasiri nitamfuata khalifa. Ila mwanangu wa miaka tisa ameshaomba akae nyuma ya halka, pale nilipokuwa nikikaa mimi, na hilo sijalijibu.