Nalipia 40 Mbps, mbona kwenye vikao vya video naongea peke yangu?

Kero_Tupu: Wakuu, nimechoka. Kila mwezi nalipia kifurushi cha 40 Mbps, na nikipima kasi inasoma 38, 39. Lakini jioni nikiingia kwenye kikao cha video ni aibu tupu. Nauliza swali, kimya. Nikianza kulirudia, mwenzangu naye ndiyo kwanza anajibu lile la mwanzo, tunabaki kukatizana. Sauti haikatiki, inachelewa tu. Huduma kwa wateja wimbo wao ni mmoja: "zima ruta, subiri, washa." Nimezima na kuwasha mpaka kitufe kimelegea. Hii si wizi?

Baba_Megabaiti: Panda kifurushi cha 100. Mimi nilipanda, tatizo likaisha. Mtandao ni pesa.

Fundi_Waya: Mkuu, usipande kitu bado. Hiyo Mbps inakwambia data inapita kwa wingi gani. Haisemi kipande kimoja kikitoka kwako kinachukua muda gani kufika na jibu kurudi. Muda huo ndio latensi, wacheza gemu wanauita pingi. Ukipakua filamu, hata jibu la kwanza likichelewa nusu sekunde hutajua. Kwenye maongezi, nusu sekunde hiyo ndiyo inayowafanya mkatizane.

Fungua dirisha la amri, pima ruta yako, halafu pima nje. Fanya hivyo nyumba ikiwa imetulia, kisha urudie wakati wa kero. Anwani ya kwanza ibadilishe kama ruta yako inatumia nyingine.

```
ping 192.168.1.1
ping 8.8.8.8
```

Kero_Tupu: Ruta inasoma 2ms asubuhi na jioni. Ya nje hii hapa, asubuhi kisha jioni:

```
Reply from 8.8.8.8: bytes=32 time=34ms TTL=117
Reply from 8.8.8.8: bytes=32 time=1043ms TTL=117
```

Fundi_Waya: Basi waifai haina kosa, la sivyo hata ruta ingechelewa kukujibu. Hiyo 1043 ni milisekunde, yaani sekunde nzima na ushee. Kuna nani hapo anayepakia vitu jioni? Na kasi yako ya kupakia ni ngapi?

Kero_Tupu: Ya kupakia ni 4 Mbps, sikuwahi kuitazama. Halafu... simu ya mke wangu ikishika waifai tu inaanza kutuma picha na video zake kwenye hifadhi ya mtandaoni.

Fundi_Waya: Mchawi wako huyo. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo 4 Mbps ni nusu megabaiti kwa sekunde. Sasa tuseme kifaa chako cha kutokea nje kina foleni inayobeba nusu megabaiti. Simu inaijaza na haiachi kuijaza. Sauti yako inakuja nyuma kabisa, inangoja vyote vilivyo mbele vitoke, na hiyo ni sekunde moja. Hakuna kinachopotea, ndiyo maana sauti haikatiki. Na vipimo vingi vya kasi vinapima pingi kabla laini haijabanwa, kwa hiyo vinakuonyesha asubuhi yako, si jioni.

Dada_Dishi: Mimi natumia dishi la setilaiti, pingi ni 600 hata saa nane usiku nikiwa peke yangu. Nizime simu ya nani?

Fundi_Waya: Ya kwako ni umbali, dada. Setilaiti za aina hiyo ziko juu kama kilomita 36,000. Ombi linapanda na kushuka, jibu nalo hivyohivyo, jumla kama 144,000. Kwa mwendo wa mwanga hiyo ni karibu nusu sekunde, na hakuna mpangilio wa kuipunguza. Zile zinazozunguka chini zaidi ndizo zina nafuu.

Baba_Megabaiti: Mbona mimi nilipopanda liliisha?

Fundi_Waya: Inawezekana na ya kupakia ilipanda, foleni ikawa inatoka haraka. Wengine wanapandishiwa ya kupakua tu, wanabaki palepale.

Mwenye uzi, sitisha hiyo simu upime tena. Dawa ya kudumu ni mpangilio wa SQM kwenye ruta. Unaambia ruta itume 3.5 badala ya 4, ili foleni ijipange ndani yake, na yenyewe iruhusu vitu vidogo kama sauti kupenya. Ruta nyingi za bei rahisi hazina.

Kero_Tupu: Nimesitisha, imeshuka mpaka 36ms. Miezi yote hii nimeambiwa nizime na kuwasha, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama kuna anayepakia! Ila mke wangu amesema picha zake haziahirishwi kwa ajili ya vikao vyangu. Ruta ya kampuni nimeipekua menyu zote, SQM hamna, na wanasema nikiitoa hawatanihudumia. Kuna aliyewahi kufunga ruta yake nyuma ya ile ya kampuni, wakamwacha?