Spirometri karibu na kawaida, DLCO 53%: mama anahema, nifuate karatasi ipi?

MwanaWete
Asalaam aleikum wanajukwaa. Naomba ushauri wa waliozoea kusoma vipimo vya mapafu.

Mgonjwa ni mama wa miaka 54 hapa Pemba, urefu sentimita 156, uzito kilo 55. Hajapata kuvuta sigara, ila amepikia kuni tangu utotoni. Tangu mwaka jana akipanda kilima na ndoo ya maji lazima atue njiani apumue. Akiwa amekaa hana neno, na kifua hakilii. Spirometri imetoa FEV1 lita 1.96 (87%), FVC lita 2.42 (86%), uwiano 0.81, na baada ya salbutamoli hakuna kilichobadilika. Jamaa zake wa Dar es Salaam walimpeleka akapimwa DLCO: amepata 10.8, iliyotarajiwa 20.4, yaani 53%. Maelezo mengine hakuna. Sisi huku tumemtembeza dakika sita kwenye korido ya wodi: mita 348, oksijeni 97% kabla na 95% baada. Himoglobini ya wiki iliyopita ni 8.5.

Kupuliza kunasema mzima, DLCO inasema nusu, kutembea kunasema oksijeni haishuki. Nishike lipi?

KijanaMkoani
Dokta, spirometri nzuri na DLCO ya chini ni kovu la mapafu linaloanza, au ni mishipa ya mapafu. Kwa Pemba ningefikiria kichocho kwanza, kwani kichocho hupandisha presha ya mishipa hiyo. Na mita 348 ni chache mno. Kwa hesabu ya Enright, mwanamke wa umri na umbo hilo anatarajiwa mita 558 hivi, kwa hiyo amefika 62% tu. Mapafu ndiyo yamemwangusha. Ningeanza prednisolone huku nikitafuta CT.

FundiPumzi
Kijana, taratibu na hiyo prednisolone. Orodha yako ya magonjwa si mbaya, lakini umeruka himoglobini.

MwanaWete, karatasi zako hazigombani. Spiromita hupima kiasi cha hewa kinachoingia na kutoka, na kasi yake. Kama oksijeni imevuka ukuta wa vifuko vya hewa ikaingia kwenye damu, yenyewe haina habari. DLCO ndiyo inayouliza hilo. Mgonjwa hutoa pumzi yote, kisha huvuta kwa nguvu hadi mapafu yajae gesi yenye monoksidi ya kaboni 0.3%, huishikilia sekunde 10, halafu huitoa. Mashine hupima kilichorudi. Kilichopotea kimeingia kwenye damu. Kinachokamata monoksidi huko ndani ni himoglobini. Ikiwa chache, gesi hukamatwa kidogo hata kama mapafu hayana kasoro. Kwa hiyo 53% ya mtu mwenye himoglobini 8.5 haisomwi kama ilivyo. Tunarekebisha ile iliyotarajiwa, na kwa mwanamke hesabu ni hii:

```
1.7 × Hb ÷ (9.38 + Hb)
1.7 × 8.5 ÷ 17.88 = 0.81
20.4 × 0.81 = 16.5
10.8 ÷ 16.5 = 65%
```

Kwa mwanamume weka 10.22 badala ya 9.38. Upungufu wa damu umeeleza sehemu ya tatizo lakini haukulimaliza. Mpaka wa chini kwa mtu kama yeye huwa karibu na robo tatu ya inayotarajiwa, na 65% bado iko chini ya hapo.

Kabla ya kuiamini hata hiyo 65%, nitajie yaliyomo kwenye ukurasa wa pili wa karatasi ya Dar: VI ya kila jaribio, yaani lita za gesi alizovuta, sekunde alizoshikilia pumzi, na matokeo ya kila jaribio peke yake. Muulize pia kama asubuhi ile alikaa jikoni penye moshi. Moshi wa kuni au mkaa huacha monoksidi kwenye damu, na hiyo nayo huteremsha kipimo.

MwanaWete
Ahsante sana. Majaribio ni mawili. La kwanza VI 2.25, sekunde 10.2, DLCO 10.5. La pili VI 2.29, sekunde 10.4, DLCO 11.1. VA imeandikwa 84% ya inayotarajiwa. Asubuhi ile hakupika, alilala kwa mwanawe wanakotumia gesi.

FundiPumzi
Basi kipimo ni kizuri. VI inatakiwa ifike angalau 90% ya hewa yote anayoweza kuvuta. Yeye ana lita 2.42, asilimia 90 yake ni 2.18, na majaribio yote mawili yamevuka. Kosa ninaloliona mara nyingi ndilo hilo: mgonjwa havuti hadi mwisho, DLCO inashuka, kisha watu wanatafuta kovu lisilokuwepo. Kushikilia pumzi kati ya sekunde 8 na 12 kunakubalika. Majaribio mawili hayapaswi kupishana zaidi ya 2, yake yamepishana 0.6. Usimvushe bahari kurudia kipimo hiki.

VA ya 84% inasema gesi imefika karibu sehemu zote za mapafu. Angekuwa na kifua kilichopinda au misuli dhaifu, VA ingeshuka sana na kila lita iliyobaki ingefanya kazi yake vyema. Kwake ni kinyume: hewa inafika, kuvuka ndiko kuna kasoro.

Kuhusu kichocho: kinachojulikana zaidi kwa kuleta presha ya mishipa ya mapafu ni kile cha tumbo, kinachoharibu ini kwanza. Cha Unguja na Pemba ni cha mkojo. Sisemi haiwezekani, ila nisingekiweka mbele.

Mtumbatu77
Shikamooni. Baba yangu ana miaka 70, kavuta sigara miaka mingi, alipuliza wakasema 45% na hata kwa dawa haipandi. Naye nimpeleke Dar akapimwe hiyo DLCO?

FundiPumzi
Marahaba. Kwa mzee jibu la ugonjwa limeshapatikana kwenye spirometri. DLCO ingeonyesha ni kiasi gani cha vifuko vya hewa kimeharibika, lakini leo dawa zake zisingebadilika kwa sababu hiyo. Ingekuwa na maana kama anahema kuliko 45% inavyoweza kueleza, au kama anazungumziwa upasuaji wa mapafu. Kwake ningeanza na kutembea dakika sita. Hapo patajulikana kama oksijeni yake hushuka akijongea.

Bi_Mkubwa_Chake
Hapo kwenye kutembea ndipo penye kazi, na MwanaWete usinichukie. Korido yenu ina mita ngapi? Mlisoma oksijeni wakati gani? Na vidole vya mama vina nini?

MwanaWete
Shikamoo Bi Mkubwa. Korido mita 12. Tulisoma alipokwisha kaa kwenye kiti, kama dakika moja hivi. Vidole vina piko, alitoka harusini.

Bi_Mkubwa_Chake
Marahaba mwanangu. Basi 95% yenu haina uzito. Oksijeni iliyoshuka njiani inaweza kurudi ndani ya dakika moja ya kukaa. Tunayoitafuta ni namba ya chini kabisa akiwa anatembea, kwa hiyo oksimita inabaki mwilini tangu mwanzo hadi mwisho na unaandika kila dakika. Piko na hina nyeusi huzuia mwanga wa oksimita. Tafuta kidole kisichopakwa au tumia kibano cha sikio. Hata kikiwa safi, kwenye ngozi nyeusi oksimita inaweza kusoma juu kuliko ukweli, kwa hiyo 92% isikutulize sana.

Mita 348 kwenye korido ya mita 12 maana yake amegeuka mara 28, na kila kugeuka ni kupunguza mwendo. Inatakiwa mita 30, tambarare, alama kila mita 3, koni mbili za kugeukia. Baraza ya nje yenye kivuli inafaa, asubuhi kabla jua halijawa kali. Avae viatu anavyotembelea kila siku, baibui lisimkwaze. Wewe usitembee mbele yake wala sambamba naye, utampa mwendo wako. Kaa nyuma kidogo. Maneno ya kumtia moyo ni yale yale kila dakika, sauti ile ile. Akisimama kupumzika saa haisimami. Oksijeni ikienda chini ya 80%, au kifua kikimuuma, au akipepesuka, mkalishe.

Mtembeze mara mbili, katikati apumzike nusu saa, uchukue iliyo kubwa. Mara ya pili watu huongeza mita 20 na kitu kwa kuzoea tu.

Na Kijana, hesabu ya Enright ilitengenezwa kwa watu wa Arizona. Itumie kwa tahadhari. Vilevile umbali mfupi hausemi ni kiungo gani: goti, moyo na damu chache vyote hufupisha safari.

MwanaWete
Nimerudi. Tumerudia leo kwenye baraza, mita 30, kibano cha sikio. Mara ya kwanza mita 372, ya pili 391. Kabla 97%, dakika ya pili 92, ya nne 86, akamaliza na 87. Baada ya dakika moja ya kukaa, 94. Kuhema 5 kwa kipimo cha Borg cha 0 hadi 10, miguu 2.

FundiPumzi
Hiyo 86% ndiyo habari. Damu chache hupunguza oksijeni inayobebwa na huteremsha DLCO, lakini haiteremshi asilimia inayosomwa na oksimita, kwani himoglobini chache iliyopo inajaa kama kawaida. Kutoka 97 hadi 86 hakuwezi kulaumiwa damu. Sasa DLCO ya 65% na kushuka huku vinasimama pamoja: ama ukuta wa vifuko umeanza kuwa mnene, ama mishipa ya mapafu ina kasoro. Vipimo hivi viwili haviwezi kutenganisha hayo. Eko ya moyo kwanza kuangalia upande wa kulia, kisha CT ya kifua ya vipande vyembamba.

KijanaMkoani
Mie bado ningeanza CT. Eko ya akiwa amelala inaweza kutoka safi na presha ipo. Prednisolone naiondoa.

Bi_Mkubwa_Chake
Nami nasema damu itibiwe kwanza ifike 11, DLCO irudiwe, ndipo aingie gharama.

FundiPumzi
Damu itibiwe na chanzo chake kitafutwe, ndiyo, lakini si kwa kusubiri miezi huku anashuka hadi 86. Kijana, kuhusu eko una haki. Nimeitanguliza kwa kuwa ni rahisi kuipata. Wakikupa CT wiki hii, chukua CT.

MwanaWete
Naandika rufaa ya Unguja kesho. Niandike 53 au 65?

FundiPumzi
Andika 10.8, himoglobini 8.5, na zote mbili. Na uandike kwamba 86% ilisomwa sikioni akiwa anatembea, wasije wakampima amekaa wakasema mzima.